Ardhi, jengo na mashine kwa bei moja: jinsi ya kugawa fedha za mkupuo kwa thamani ya soko

Washirika watatu wa Wete walinunua kiwanda kidogo cha barafu kilichokuwa kimefungwa miezi minane. Mwenyewe alitaka kuondoka, wakapatana, wakalipa shilingi 210,000,000 kwa mkupuo. Mkataba ulisema wamenunua "kiwanda pamoja na vilivyomo", basi. Waliponiletea daftari nilikuta mstari mmoja tu: Kiwanda, 210,000,000.

Mstari huo hauwezi kubaki hivyo, kwa sababu ndani yake mna vitu ambavyo havizeeki pamoja. Ardhi haichakai. Jengo linachakaa polepole, na hewa ya chumvi inalila haraka kuliko majengo ya bara. Mashine ya barafu ina miaka yake kumi hivi ikitunzwa. Kanuni za kimataifa za uhasibu, katika kiwango cha IAS 16, zinataka ardhi na jengo viandikwe mbali mbali hata kama vimenunuliwa pamoja, na kila kifaa chenye umri wake kipate mstari wake. Swali ni moja: mkataba haukutaja bei ya kila kitu, kwa hivyo ardhi iandikwe shilingi ngapi?

Jibu ni kugawa kwa uwiano wa thamani ya soko. Kila kitu unakikadiria kingeuzwa bei gani peke yake siku ile ya ununuzi, unajumlisha makadirio yote, halafu unaangalia kila kimoja ni sehemu gani ya jumla hiyo. Sehemu hiyo hiyo ndiyo kinayobeba katika fedha ulizolipa kweli. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano. Kazi yote iko katika kupata thamani zinazosimama, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza: umenunua vitu au umenunua biashara?

Hili liamuliwe kabla ya kushika kalamu. Kama kiwanda kingekuwa kinafanya kazi, kina wafanyakazi wake, kina wateja wanaochukua barafu kila alfajiri kupeleka Tumbe, basi walichonunua ni biashara hai. Biashara hai ina njia nyingine (IFRS 3): kila kitu kinaandikwa kwa thamani yake kamili ya soko, na kinachozidi katika bei kinaandikwa kuwa thamani ya jina na wateja wa biashara. Gharama za wakili hapo huenda kwenye matumizi ya mwaka.

Hawa wetu walikuta mlango una kufuli. Hapakuwa na mfanyakazi, mkataba wa mteja wala orodha ya wadaiwa. Walinunua vitu. Kwa vitu, bei yote inagawiwa kwa vitu hivyo mpaka iishe, hakuna kinachobaki kuitwa jina la biashara, na gharama za kuvipata zinaingia ndani ya bei.

Pili: jumla ya kugawa ni ipi?

Si 210,000,000. Washirika walimlipa wakili, wakalipa ada za kuhamisha haki na za usajili, na gharama za mtu aliyekagua mali kabla ya kununua: jumla 6,000,000. Bila ya fedha hizo mali isingekuwa yao, kwa hivyo ni sehemu ya gharama ya mali. Tunagawa 216,000,000.

Walitumia pia 3,000,000 kubadilisha mota ya kompresa iliyokuwa imeungua. Hizi zisitiwe kwenye chungu cha pamoja. Ni za mashine peke yake, na zitaongezwa kwenye mashine baada ya mgao. Ukizichanganya, ardhi itabeba sehemu ya gharama ya mota, jambo ambalo halina maana. Kanuni ninayoifuata: gharama inayojulikana ni ya kitu gani iende kwa kitu hicho moja kwa moja, na inayohusu mali yote ndiyo igawiwe.

Kama VAT imelipwa na inarudishwa, nayo itolewe kwanza. Vivyo hivyo kama muuzaji ameacha fedha taslimu au amana inayorudishwa, hiyo ina thamani yake inayojulikana. Itoe kwa kiasi chake kamili, kisha gawa kilichobaki.

Tatu: thamani ya ardhi

Kwa sisi wa Unguja na Pemba hapa pana jambo letu. Kwa Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Anachouza mtu ni haki ya kuitumia. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "kiwanja hiki ni shilingi ngapi", soma karatasi inayotoa haki hiyo. Je, haina ukomo, au ni ukodishwaji wa miaka kadhaa? Ikiwa ni ukodishwaji wa miaka 33 na 10 imekwisha kupita, usiilinganishe na kiwanja chenye haki isiyo na ukomo. Tena fungu hilo halitaandikwa kama ardhi isiyochakaa. Litapunguzwa mwaka hadi mwaka kwa miaka 23 iliyobaki, na lina kiwango chake cha uhasibu, kile cha ukodishaji.

Angalia pia kilichomo juu. Kwetu ni jambo la kawaida kiwanja kuwa cha huyu na mikarafuu au minazi iliyosimama juu yake kuwa ya mwingine. Miti ikiwa ya mtu mwingine, thamani ya kiwanja inashuka, kwa sababu huwezi kujenga pale palipo mti wake. Ikiwa ni ya muuzaji na imeingia katika mauzo, basi una fungu jingine la kugawia: mkarafuu unaozaa unaandikwa peke yake, nje ya ardhi. Na kama kiwanja kimetokana na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, au ni cha wakfu, simamisha hesabu mpaka ujue kama muuzaji alikuwa na uwezo wa kuuza. Thamani ya kitu kisichouzika haipatikani kwa kulinganisha na vinavyouzika.

Kiwanja cha washirika kilikuwa na mita za mraba 1,800, haki haina ukomo, hakuna mti wa mtu. Tulitafuta mauziano ya karibuni ya viwanja vitupu katika shehia ile ile na ya jirani. Sheha huwa anayajua mengi, kwa kuwa mauziano hupita mbele yake. Lakini nilitaka kuiona karatasi ya mauziano, kwa sababu bei ya kusikia barazani huwa imepanda njiani. Tulipata viwanja vitatu vilivyofanana kwa barabara na umeme, viliuzwa kati ya shilingi 38,000 na 42,000 kwa mita. Tukachukua 40,000:

1,800 × 40,000 = 72,000,000

Kiwanja kinathaminiwa kana kwamba ni kitupu. Watu wengi hulinganisha na kiwanja kilichouzwa kikiwa na nyumba, halafu wanaongeza jengo lao juu yake. Hapo jengo limehesabiwa mara mbili.

Nne: thamani ya jengo

Majengo ya viwanda vya barafu hayauzwi kila wiki Pemba, kwa hivyo huwezi kulinganisha. Njia inayofaa ni kuuliza: kulijenga jengo kama hili leo, kwa bei ya leo ya saruji, nondo, mabati na mafundi, ni shilingi ngapi? Kisha toa uchakavu uliokwisha kupita.

Fundi mkadiriaji alisema 160,000,000. Jengo la aina ile, kwa hali ya pwani, tulilikadiria umri wa miaka 40. Lilijengwa miaka 14 iliyopita, lakini mabati yalikuwa yamebadilishwa na kuta zimepigwa plasta upya, kwa hivyo hali yake ilikuwa ya jengo la miaka 10. Limepoteza robo:

160,000,000 × 30 ÷ 40 = 120,000,000

Ile miaka 10 badala ya 14 ni uamuzi wa mtu, na lazima uandikwe sababu yake. Ingia ndani, tazama nguzo. Ukiona plasta imepasuka kwa mstari ulionyooka na kutu inavuja, nondo ndani zimeanza kuliwa na chumvi, na hapo umri wa jengo ni mkubwa kuliko miaka yake. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuchukua ile 160,000,000 nzima. Hiyo ni thamani ya jengo jipya, na wao hawakununua jengo jipya.

Tano: thamani ya vifaa

Mashine ya barafu kama ile, iliyotumika na inayofanya kazi, ilikuwa ikiuzwa Dar es Salaam kwa 29,000,000. Lakini mashine hii tayari iko Wete, imefungwa, bomba na nyaya zimeunganishwa. Mnunuzi wa hapa angelipa pia kwa hilo, kwa hivyo tukaongeza 4,000,000 za kuivusha na kuifunga. Kisha tukatoa 3,000,000, kwa kuwa mota imeungua na mnunuzi yeyote angedai kupunguziwa. Ikawa 30,000,000. Kumbuka mota hii: imetolewa kwenye thamani, ndiyo maana gharama ya kuibadilisha inaruhusiwa kuongezwa baadaye. Ungeithamini mashine kama nzima, kisha ukaongeza mota, ungekuwa umelipandisha fungu la mashine bila ya msingi.

Chumba cha baridi, 10,000,000.

Jenereta lilizusha mabishano. Mmoja wa washirika alikumbuka lilivyonunuliwa ghali, akataka liandikwe 20,000,000. Nilimwambia, ndugu yangu, bei ile ilikuwa ya wakati ambao Pemba ilitegemea majenereta. Tangu mwaka 2010 umeme unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na jenereta limekuwa la akiba. Mnunuzi wa leo haangalii alilipa nini yule wa kwanza. Wafanyabiashara wawili wa majenereta yaliyotumika walitupa bei karibu sawa, tukaandika 8,000,000.

Jambo hilo ni la vifaa vyote na hata la jengo: usichukue thamani iliyomo katika daftari la muuzaji. Kile ni alichobakisha yeye baada ya uchakavu wake, kwa bei yake ya zamani. Hakihusiani na soko la siku uliyonunua wewe.

Sita: mgao wenyewe

Sasa thamani zote ziko mezani. Ardhi 72,000,000, jengo 120,000,000, mashine 30,000,000, chumba cha baridi 10,000,000, jenereta 8,000,000. Jumla ni 240,000,000.

Tulicholipa ni 216,000,000. Gawa 216 kwa 240 unapata 0.9. Maana yake, kila shilingi ya thamani ya soko imewagharimu senti tisini. Zidisha kila thamani kwa 0.9:

- Ardhi: 64,800,000 (30%)
- Jengo: 108,000,000 (50%)
- Mashine ya barafu: 27,000,000 (12.5%)
- Chumba cha baridi: 9,000,000
- Jenereta: 7,200,000

Jumlisha: 216,000,000. Isipotimia, umekosea mahali. Katika Excel, weka thamani za soko B2 hadi B6 na jumla uliyolipa B8, kisha andika katika C2 na uiburute hadi C6:

```
=ROUND($B$8*B2/SUM($B$2:$B$6),0)
```

Namba zisipokuwa mviringo huenda ikazidi au kupungua shilingi moja au mbili. Ipeleke tofauti hiyo kwenye fungu kubwa kuliko yote, hapa jengo.

Mwisho ongeza mota: mashine inakuwa 27,000,000 + 3,000,000 = 30,000,000. Katika daftari, kila mali inaandikwa upande wa kuingia kwa kiasi chake, na upande wa pili benki inatoka 219,000,000.

Ile nafuu ya 24,000,000

Washirika waliuliza: mali ni ya 240, tumelipa 216, mbona tusiandike faida ya 24? Hapana. Ulichonunua ni vitu, na vitu vinaandikwa kwa gharama yake. Nafuu inagawika kwa kila kitu kwa kiwango kile kile, na utaionja kidogo kidogo, kwa sababu uchakavu wa kila mwaka utakuwa mdogo.

Wengine hufanya mbinu ya kujaziliza: wanaandika jengo na vifaa kwa thamani kamili ya soko, 168,000,000, na kinachobaki, 48,000,000, wanaiita ardhi. Hapo nafuu yote imeangukia ardhi. Tazama matokeo. Kwa mgao sahihi, jengo lina miaka 30 iliyobaki, mashine na chumba cha baridi 10, jenereta 6. Uchakavu wa mwaka ni 3,600,000 + 3,000,000 + 900,000 + 1,200,000, yaani 8,700,000. Kwa mbinu ya kujaziliza unapata 4,000,000 + 3,300,000 + 1,000,000 + 1,333,000, yaani kama 9,633,000. Faida ya kila mwaka inapungua kwa zaidi ya shilingi 930,000 bila ya kitu chochote kuharibika zaidi.

Ikitokea kinyume, bei uliyolipa ikazidi jumla ya thamani, mgao unafanya kazi vile vile, kila kitu kinapanda. Lakini mimi husita hapo. Narudi kuuliza kama kuna kitu kimesahauliwa katika orodha, labda kisima, gati dogo, leseni. Au pengine ile hatua ya kwanza tuliijibu vibaya, na kilichonunuliwa kilikuwa biashara hai. Kama hakuna, basi mali imeandikwa juu ya bei ya soko na lazima ipimwe kama inastahili kupunguzwa mara moja.

Karatasi za kuhifadhi

Mkaguzi hatabishana na kuzidisha kwa 0.9. Atabishana na ile 40,000 ya mita, na ile miaka 10 ya jengo. Weka jalada moja lenye nakala za mauziano ya viwanja, makadirio ya fundi yaliyotiwa saini, bei za mashine na majina ya waliozitoa, picha za jengo, na ukurasa mmoja wa hesabu wenye tarehe ya ununuzi. Thamani ziwe za siku ile. Ukizitafuta miaka miwili baadaye, bei za viwanja zitakuwa zimesogea na mgao wote utapinda upande wa ardhi. Kwa mali kubwa, au pale washirika hawaaminiani, mwiteni mthamini aliyesajiliwa.

Na iwapo mkataba wenyewe umetaja bei ya kila kitu, usizinakili tu. Wanaouziana wana sababu zao za kupandisha fungu hili na kushusha lile. Zipime na soko kwanza. Zikikaribiana, zitumie. Zikiachana sana, mgao wa thamani ya soko ndio unaoingia katika daftari.

Kwa kodi, mgao huo huo ndio unaoanzia, ila viwango ni vya sheria na si vya makadirio yako ya umri. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, ardhi haipati punguzo la uchakavu, majengo ya kawaida hupata 5% kwa mwaka, na mitambo ya kiwandani huhesabiwa 25% ya kinachobaki. Ndiyo maana ofisa wa kodi hutazama kwanza kama fungu la mitambo limevimba na la ardhi limekonda.

Miaka miwili baadaye washirika waliuza lile jenereta kwa 5,500,000. Tulifungua mstari wake: gharama 7,200,000, uchakavu wa miaka miwili 2,400,000, limebaki 4,800,000. Faida ya kuuza ni 700,000. Yule aliyetaka liandikwe 20,000,000 alikuwa pale, akaitazama hesabu, akatia saini.